Kwa Nini Dawa ya Minyoo Uzi Imezwe na Nyumba Nzima

 

Mada ya leo ina haya ndani yake, na haya hiyo ndiyo inayowachelewesha watoto kupata tiba. Mtoto anajikuna sehemu ya haja kubwa usiku, mama anamkaripia aache tabia mbaya, na habari yenyewe haisemwi mbele ya wageni wala mbele ya tabibu. Sisi tutaisema. Nitazungumzia mnyoo mmoja tu, yule mweupe mwembamba mfano wa kipande cha uzi wa cherehani. Wengi wanamwita mnyoo uzi. Minyoo ya safura na ile mirefu inayotoka na kinyesi ina habari yake, na kuichanganya na huyu ndiko kunakozaa nusu ya makosa tunayoyaona kliniki.

Mnyoo uzi jike ana urefu wa karibu sentimita moja. Dume hafiki hata nusu yake, na ni nadra kumwona. Wote wanaishi mwanzo wa utumbo mpana, jirani na kidole tumbo, na huko hawafanyi makubwa. Hawanyonyi damu kama minyoo ya safura, kwa hiyo si hawa wanaomfanya mtoto awe mweupe viganjani. Mwenyeji wao ni binadamu peke yake. Paka wenu na mbwa wa jirani hawahusiki, kwa hiyo waacheni.

Ajabu ya mnyoo huyu ni pale anapotagia. Minyoo mingine mingi ya tumboni hutaga mayai ndani ya utumbo, mayai yakatoka na choo. Jike huyu hatagi ndani. Anabeba mayai yake mpaka yakomae, kisha anasubiri mwenyeji wake alale. Usiku, mwili ukishatulia, anateremka utumbo mzima, anatoka nje, na kutambaa juu ya ngozi inayozunguka tundu la haja kubwa. Hapo ndipo anapotaga mayai kama 10,000 yakiwa na majimaji yanayonata, halafu anakufa. Kutambaa kwake na majimaji yale ndivyo vinavyomwasha mtoto. Ndiyo maana mchana mtoto huyo anacheza kama wenzake, na ikifika saa nne au saa tano za usiku anageuka kitandani, analia, anaingiza mkono ndani ya nguo.

Sasa angalieni saa. Mayai yakishatagwa yanahitaji saa nne hadi sita tu kuwa tayari kumwambukiza mtu. Yaliyotagwa saa sita usiku, adhana ya alfajiri inayakuta tayari. Mtoto amejikuna, mayai yameingia chini ya kucha, na jambo la kwanza analofanya akiamka ni kutia kidole mdomoni au kushika andazi. Amejiambukiza upya kabla hajatoka nyumbani. Na shuka alilolalia lina mayai, nguo ya ndani ina mayai, na dada anayekung'uta shuka hilo dirishani anayarusha hewani, yakatua juu ya meza na mito, mengine yakaingia puani na mdomoni na kumezwa. Mahali penye ubaridi na unyevunyevu ndani ya nyumba, mayai haya yanaweza kukaa hai wiki mbili hadi tatu.

Hapa ndipo mnyoo uzi anapoachana na wenzake. Mayai ya minyoo mingine mingi tunayoijua yanahitaji kukaa udongoni kwanza, kwa siku au kwa wiki, kabla ya kuambukiza. Kwa hiyo choo kizuri na viatu vinamkinga mtoto sana. Mnyoo uzi hahitaji udongo, anahitaji kidole na shuka. Ndiyo maana anapatikana katika nyumba zenye vyoo vya kuvuta na sakafu za vigae, na huko Marekani ndiye mnyoo anayeongoza kwa kuambukiza watu. Mkimkuta nyumbani kwenu msitafute uchafu wa nani. Wala sukari haihusiki. Najua bibi zetu wameshikilia kwamba mtoto anayelamba sukari ndiye anayepata minyoo, lakini mayai haya hayazaliwi na sukari, yanamezwa.

Mzazi anayehisi jambo hili humpeleka mtoto hospitali, na hospitali humpa kikopo cha choo. Nimeona haya mara nyingi mno. Jike hatagi ndani ya utumbo, kwa hiyo mayai yake ni machache sana katika choo. Kipimo cha choo huwagundua watoto wachache tu kati ya wale walio na mnyoo huyu. Wengine wote wanarudishwa nyumbani na karatasi iliyoandikwa kwamba hakuna mayai wala minyoo. Mtaalamu wa maabara hakukosea, ameangalia alicholetewa. Kosa ni kwamba mayai yako juu ya ngozi, na sisi tumemletea choo.

Kipimo chake ni selotepu. Graham alikieleza katika jarida la kitabibu mwaka 1941, na tangu hapo hakijapatikana kinachokishinda kwa urahisi. Unahitaji selotepu angavu, ile unayoweza kusoma maandishi kupitia kwake. Ile yenye ukungu, na ile ya kahawia ya kufungia maboksi, hazifai, kwa sababu haziruhusu kuona kitu chini ya hadubini. Utapewa pia kipande cha kioo cha maabara. Kata selotepu kama urefu wa kidole cha shahada. Asubuhi mapema, mtoto akiwa bado kitandani, tenganisha makalio yake taratibu, ubandike upande unaonata juu ya ngozi inayozunguka tundu, upande huu na upande ule, ukibonyeza kidogo. Usiiingize ndani. Kisha ilaze selotepu juu ya kioo, upande unaonata ukiangalia chini, na uisawazishe isifanye mapovu ya hewa. Andika jina na tarehe, weka kwenye bahasha, kisha nawa mikono kwa sabuni, maana umeshika mayai.

Sharti kubwa ni wakati. Iwe kabla ya choo, kabla ya kuoga, na kwa sisi wa pwani niongeze, kabla ya kutawadha. Mtoto ameamshwa alfajiri, ameingia chooni, amejisafisha kwa maji kama alivyofundishwa, halafu ndipo mama anakumbuka selotepu. Mayai yameshakwenda na maji. Kipimo kitatoka safi na hakitakuwa kimewaambia chochote.

Jambo la pili ni kurudia. Jike hatoki kila usiku. Selotepu ya asubuhi moja huwakamata takriban nusu ya walioambukizwa, na ukipima asubuhi tatu mfululizo unawapata karibu tisa katika kila kumi. Kwa hiyo selotepu moja iliyotoka safi haimwondoi mtoto katika shaka. Iliyokutwa na mayai, hata kama ni moja, imemaliza maneno. Chini ya hadubini yai lake halifichiki. Ni refu kidogo, upande mmoja umebinuka na wa pili umenyooka, na mara nyingi unaona kiluwiluwi kimejikunja ndani.

Iko njia ya mkato isiyogharimu kitu. Saa mbili au tatu baada ya mtoto kulala, mfunue taratibu umulike kwa tochi ya simu. Ukiona kijiuzi cheupe kinachosogea, umeshapata jibu. Mzazi akiniambia amekiona kikitambaa, simwombi kipimo kingine.

Niwaeleze nyumba moja. Mama alikuja na binti wa miaka sita, macho mekundu kwa kukosa usingizi, ngozi imechunika kwa kukunwa. Alikuwa ameshapimwa choo mara mbili katika kituo kimoja, majibu safi. Hata hivyo, mara tatu mama alikuwa amemnunulia dawa ya minyoo dukani. "Daktari," akaniambia, "dawa inamsaidia. Anatulia mwezi na siku kadhaa, kisha tunarudi palepale. Nafikiri minyoo hii imeizoea dawa."

Maneno yale, mwezi na siku kadhaa, yalikuwa na thamani kuliko vile vipimo viwili. Yai likimezwa leo linaangua kwenye utumbo mdogo, na inapita kama mwezi mmoja, wakati mwingine karibu miwili, kabla halijawa jike linalotaga. Dawa ingekuwa imeshindwa, mtoto asingetulia hata kidogo, maana wale wakubwa wangeendelea kutoka usiku. Huyu alitulia, kisha akaanza tena baada ya muda uleule ambao yai huchukua kukomaa. Dawa ilikuwa inaua minyoo waliokuwamo. Kilichorudi kilikuwa kizazi kipya, kutokana na mayai yaliyokuwa yakimsubiri nyumbani.

Tukafanya selotepu. Asubuhi ya kwanza haikuwa na kitu. Ya pili ilikuwa na mayai, nasi hatukuhitaji ya tatu.

Nikamuuliza wanaishi wangapi. Saba katika vyumba vitatu. Binti analala godoro moja na kaka yake wa miaka tisa. Mama na baba wanalala na mdogo wao wa miezi 14. Bibi mzaa baba ana chumba chake, na wifi wa mama, mwenye ujauzito wa wiki tisa, analala na bibi. Nikaomba baba aje, naye akaja siku ya pili, mtu mpole lakini hakuwa tayari. "Daktari, anayejikuna ni mtoto. Mimi silalamiki chochote. Nimeze dawa ya nini?"

Nilimjibu hivi. Baba, watu wengi wenye mnyoo huyu hawawashwi hata kidogo. Umemeza mayai kwenye meza moja na mwanao, umelala shuka lililofuliwa beseni moja na la kwake, na mdogo wenu anapanda kitanda cha ndugu zake kila asubuhi. Tukimtibu binti peke yake, inatosha mtu mmoja katika nyumba awe na jike mmoja anayetaga usiku, asiyemwasha, na mayai 10,000 yanarudi katika mzunguko. Ningeweza kuwapima nyote saba kwa selotepu asubuhi tatu tatu, na bado ningewakosa baadhi. Dawa hii ni nafuu na ina usalama kiasi kwamba kuimeza bila kuwa na mnyoo ni hasara ndogo kuliko kumwacha mmoja nje. Akakubali, ingawa nadhani aliyemshawishi hasa ni mama yake mzazi, aliyesema yeye atameza kwanza.

Siku ni moja kwa wote. Hili nalisisitiza, kwa sababu nyumba nyingi humeza kwa zamu: huyu leo, yule mshahara ukitoka. Anayemeza leo anaambukizwa kesho na ambaye bado. Katika nyumba ile dozi ya kwanza ilimezwa usiku wa tarehe 3. Tulitumia albendazoli: miligramu 400 kwa baba, mama, bibi, binti na kaka. Wa miezi 14 tulimpa miligramu 200, nusu ya kidonge kilichosagwa na kuchanganywa na maji kidogo, kwa sababu mtoto mdogo akilazimishwa kumeza kidonge kizima anaweza kupaliwa. Kipimo cha mtoto wa chini ya miaka miwili msijipangie wenyewe. Aonwe kwanza. Wifi hatukumpa dawa, kwa kuwa katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito tunaziepuka dawa hizi. Yeye aliambiwa aoge kila asubuhi, akate kucha, alale kitanda cha peke yake, na suala la dawa aliamue na kliniki yake ya wajawazito baadaye kama atawashwa.

Wengine hutumia mebendazoli, nayo inafaa vilevile. Kwa mnyoo huyu ni miligramu 100 mara moja. Dukani mtauziwa vidonge sita vya kumeza asubuhi na jioni siku tatu, na hiyo ni dozi ya minyoo mingine. Watu wanaimaliza, wanaona wamefanya kazi kubwa, na hawarudii tena.

Kurudia ndiko kwenyewe. Dozi ya pili ilikuwa tarehe 17, siku 14 baada ya ile ya kwanza, kwa watu walewale sita. Dawa inaua minyoo lakini haitegemewi kuua mayai. Usiku wa tarehe 3 kulikuwa na mayai kwenye kucha, mashuka na mito, na katika siku zilizofuata baadhi yalimezwa. Yaliyomezwa yakaangua, na kufikia tarehe 17 yalikuwa minyoo wachanga, wenye umri wa kutosha kuuawa na dawa lakini wasiofikia umri wa kutaga. Dozi ya pili inawakuta katikati hapo. Ukiichelewesha hadi wiki ya sita umeshachelewa, majike wapya wameshatoka nje na kutaga, na umeanza upya. Hii ndiyo hesabu iliyokuwa ikimkosesha yule mama usingizi, na hakuna aliyekuwa amemweleza.

Kazi ya maji ikaenda pamoja na dawa. Kila asubuhi kwa wiki mbili watoto walioga mara tu wakiamka, na asubuhi ndiyo yenye maana kuliko jioni, kwa kuwa mayai yametagwa usiku. Waoge maji ya kumwagika, wasikae katika beseni moja. Nguo ya ndani ilibadilishwa kila siku. Kucha zilikatwa fupi, na binti akavalishwa nguo ya ndani inayobana usiku ili kidole kisifike kwenye ngozi. Mashuka yalikunjwa taratibu kuelekea ndani, bila kukung'utwa, yakafuliwa kwa maji ya moto, yakaanikwa juani, na magodoro yakatolewa nje. Jua kali ni adui wa mayai haya, na jua letu halina bei. Sakafu ya chumba ilipigwa deki kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mkavu unainua vumbi na mayai yake. Vile vimiminika vya spiriti vya kupaka mikononi msivitegemee, sabuni na maji vinatosha.

Usiku wa pili na wa tatu baada ya dawa binti alijikuna tena, na mama akanipigia simu kwa hofu. Hilo hutokea. Ngozi iliyochunika haiponi kwa siku moja, na inaweza kuwasha hata minyoo wakishakufa. Baada ya wiki akawa analala hadi asubuhi. Miezi mitatu baadaye walikuwa bado wametulia, na muda huo ndio niliokuwa nikiungoja, kwa sababu nyumba iliyotulia mwezi mmoja haijathibitisha kitu.

Walimu wataniuliza kuhusu dawa wanayogawa shuleni. Mwacheni mtoto aimeze, msimfiche. Albendazoli ile inaua na mnyoo uzi. Lakini mpango ule umelenga minyoo ya udongoni. Unatoa dozi moja, hakuna anayerudi siku ya 14, na mdogo wake wa miaka mitatu na bibi yake hawako kwenye foleni ile. Mtoto anarudi nyumbani amesafika na kulala godoro lilelile.

Kwa wenye mabinti nina neno moja zaidi. Jike akitoka usiku anaweza kupotea njia na kuingia upande wa mbele, akamwachia msichana mdogo muwasho, wekundu na ute, pengine na maumivu ya kukojoa. Binti mdogo mwenye dalili hizo apimwe na selotepu pia. Na si kila muwasho ni mnyoo. Kuna fangasi, kuna sabuni kali, kuna mpasuko wa ngozi kwa choo kigumu. Mtoto mwenye damu, vidonda au maumivu makali, au anayemwogopa mtu fulani, asipewe dawa ya minyoo na kuachwa. Aletwe aonwe, na aulizwe kwa upole akiwa peke yake na mtu anayemwamini.

Wauguzi na maofisa tabibu mlioko hapa, ombi langu ni dogo. Mtoto akiletwa kwa kujikuna usiku, kabla hamjaandika kipimo cha choo, mpeni mama vioo vitatu na kipande cha selotepu angavu, mwelezeni asubuhi kabla ya maji, kisha mwulizeni nyumbani wanalala wangapi.